Kovu Lililouzunguka Moyo

Muema alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, mkono mmoja chini ya kichwa, na dada yake Kasiva alikuwa akitafuta kasoro moyoni mwake asiione.

Si kwamba alikuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa mpimaji wa eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, katika hospitali moja mjini Machakos, kwenye chumba kidogo chenye mapazia mazito na harufu ya jeli. Alikuwa ameona mioyo ya wazee iliyopanuka kama mifuko mikuukuu, mioyo ya akina mama iliyochoka baada ya uzazi, mioyo ya watoto yenye valvu zisizofunga. Mara nyingi aliujua ugonjwa kabla mgonjwa hajamaliza kujieleza. Lakini siku hiyo, moyo wa mdogo wake ulikuwa ukifunga na kufunguka pale kwenye skrini kwa mpangilio mzuri, kuta zote zikisukuma sawasawa, valvu zikipiga makofi kwa zamu. Aliupima mara ya pili. Akaupima mara ya tatu.

"Unaona nini?" Muema akauliza.

"Nyamaza kwanza. Toa pumzi, usivute."

Siku mbili kabla ya hapo Muema alikuwa machimboni Lukenya, ndani ya tingatinga lake la kuchimbia, akipakia mawe kwenye lori. Kifua kilimbana ghafla kama mtu amemfunga mshipi na kuukaza. Alizima mashine, akashuka ngazi, na alipokanyaga ardhi hakujua tena kilichofuata. Wenzake walimkuta kifudifudi kwenye vumbi. Alipofikishwa hospitalini alikuwa amezinduka na akawa anaona haya, akisema ni jua tu, ni njaa tu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu azaliwe hakuwahi kulazwa.

Ila damu yake haikukubaliana naye. Troponini, ile protini inayovuja damuni misuli ya moyo inapoumia, ilikuwa imepanda mara ishirini kuliko kiwango cha kawaida. Nao mchoro wa umeme wa moyo ulikuwa na mawimbi yaliyopinduka, na katikati yake mapigo ya ziada, mapana, yakiruka foleni.

Dakta Maundu, daktari aliyekuwa akimtibu, aliingia akasimama nyuma ya Kasiva. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini.

"Niambie."

"Nguvu ya kusukuma ni asilimia hamsini na sita," Kasiva akasema. "Hakuna ukuta uliolala. Hakuna maji. Daktari, hapa sina kitu."

Dakta Maundu alitazama skrini kwa muda. "Basi hilo ndilo linalonitia wasiwasi," akasema. "Eko ni lazima tuanze nayo, iko hapa hapa, ni ya haraka, na inatuonyesha jinsi moyo unavyotembea. Lakini huyu misuli yake inavuja, amezirai, na eko inasema yuko sawa. Maana yake kuna jambo ambalo mwendo hauwezi kulionyesha. Tukaangalie mishipa kwanza. Mishipa ikiwa safi, anaenda MRI, ile picha ya moyo inayopigwa kwa sumaku."

Kasiva alipangusa jeli kifuani mwa mdogo wake kama alivyokuwa akimpangusa matope alipokuwa mtoto. Alijua vizuri daktari alichomaanisha. Mashine yake ilikuwa kama mtu anayetazama nyumba kwa nje na kuona milango inafunguka na kufungwa. Mchwa akiwa ndani ya mbao, mlango bado unafunguka. Unafunguka mpaka siku ile unapoanguka.

*

Mishipa ilikuwa safi. Picha zilizopigwa Nairobi ziliionyesha yote mitatu ikipitisha damu bila kizuizi, na Muema akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilikuambia? Ni jua."

"Jua halipandishi troponini," Kasiva akamjibu.

Alimpeleka MRI wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, katika hospitali nyingine ya Nairobi. Fomu ya pale ilikuwa ndefu na maswali yake mengi yalikuwa juu ya chuma. Una kifaa chochote mwilini? Umewahi kupigwa risasi? Umewahi kuchomelea au kusaga chuma? Muema alikuwa ameshaandika hapana kotekote, akitaka kumaliza, Kasiva alipomnyang'anya kalamu.

"Meno ya ndoo ya tingatinga huchomelea nani?"

"Mimi. Lakini..."

"Na lile jicho lako, ule mwaka ulikuja nyumbani limefungwa bandeji?"

Ilibidi apigwe eksirei ya macho. Mtaalamu wa chumba cha picha, kijana mpole aliyeitwa Kitheka, alieleza bila kuwatisha, lakini maneno yenyewe yalitisha: sumaku ya mashine ile huwa haizimwi, na kipande kidogo cha chuma kilichobaki ndani ya jicho kinaweza kusogea na kulipofua. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri. Kasiva alihisi kwamba wameanza kuhesabiwa vitu ambavyo hawakujua wanavibeba. Eksirei ilirudi safi. Figo zake pia zilikuwa zimepimwa, maana dawa ya kung'arisha picha, iitwayo gadolini, hutolewa na figo. Muema akavua mshipi, saa na pete, akaingia.

Kwa sababu ya kazi yake, Kasiva aliruhusiwa kukaa chumba cha upande wa pili wa kioo, pamoja na Dakta Wayua, aliyekuwa bingwa wa picha za moyo. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na hakupenda kuzungumza akiwa kazini. Mashine ilipiga kelele za kugonga, kisha za kukereza, kisha ikanyamaza ili sauti ya Kitheka imwambie Muema avute pumzi, atoe, azuie. Mara kwa mara picha ilitoka imevurugika kwa kuwa moyo ulikuwa umeruka pigo katikati. Wakairudia. Kila picha iliporudiwa Kasiva alijua ni lile pigo la ziada, akajikuta naye amezuia pumzi.

Picha za kwanza zilionyesha mwendo. Zilikuwa nzuri, nzuri kama zake.

"Mpaka hapa tunakubaliana nawe," Dakta Wayua akasema.

Kisha zikaja picha nyingine, zile zinazotambua maji ndani ya nyama. Ukuta wa pembeni wa moyo ulikuwa umewaka kuliko kuta nyingine.

"Uvimbe," akasema Dakta Wayua. "Misuli imejaa maji hapa. Hii ni ya juzi. Ndiyo iliyovujisha troponini."

Kasiva alihisi mabega yake yakishuka. Uvimbe hupoa. Kijana anapata virusi, moyo unavimba kidogo, anapumzika miezi michache, maisha yanaendelea. Aliwahi kuwaona waliopona namna hiyo.

Gadolini ilikuwa imeshaingia mshipani, wakangoja dakika kumi. Dawa hiyo huingia kote na hutoka haraka kwenye misuli mizima, lakini palipoharibika hunaswa na kukawia. Mashine hupangwa ili misuli mizima ionekane nyeusi tititi. Palipo peupe, pana kovu au pana jeraha.

Picha ilipojichora, Kasiva aliona mstari mweupe.

"Haujaanzia ndani," akasema upesi, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. "Si mshtuko wa moyo. Ule wa mishipa iliyoziba huanzia tabaka la ndani, na hufuata eneo la mshipa wake. Huu uko tabaka la nje, pembeni. Ni uvimbe wa misuli, sivyo, daktari?"

Dakta Wayua aliinamia skrini. Alivaa miwani. Akafungua picha iliyofuata, na iliyofuata, akishuka kipande kwa kipande kutoka juu ya moyo kwenda kwenye ncha yake. Mstari haukuishia pembeni. Ulipita chini, ukazunguka, ukaingia katikati ya ukuta unaotenganisha vyumba viwili, ukatokea upande wa pili. Moyo ulikuwa mweusi na ndani ya ule weusi kulikuwa na pete nyeupe, karibu nzima.

"Angalia," alisema mwishowe, akaziweka picha mbili kando kwa kando. "Maji yako hapa pembeni tu. Lakini weupe uko huku kote. Huku hakuna maji. Huku hakuvimbi sasa."

"Kwa hivyo ni..."

"Ni makovu ya zamani. Huyu ameumwa kabla ya leo, huenda mara nyingi, bila kujua. Uvimbe wa virusi haupendi kuzunguka hivi. Picha pekee haitoshi kuapa, kuna magonjwa mengine yanayofanana. Lakini pete ya namna hii, kwa kijana ambaye moyo wake bado unasukuma vizuri, hunifanya niulize swali moja." Akamgeukia. "Kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana?"

Kasiva alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Muema miwili, baba yao Mutuku alipoanguka akichimba matuta shambani. Alimkumbuka baba akiwa amejilaza kwenye mtaro kana kwamba anapumzika, jembe bado liko mkononi.

"Baba," akasema.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

Dakta Wayua alitikisa kichwa polepole. "Na ngozi ya viganja? Ya nyayo? Si ngumu kupita kiasi?"

Kasiva alitaka kusema hapana. Badala yake aliitazama mikono yake mwenyewe. Tangu utotoni watu walikuwa wakisema watoto wa Mutuku wana mikono ya kazi. Ya Muema ilikuwa ngumu kama soli, na hakuna aliyeshangaa, maana ni mtu wa mawe. Lakini Kasiva maisha yake yote alikuwa ameshika kalamu na kifaa cha eko. Kila wiki alikuwa akikwangua nyayo zake kwa jiwe, akidhani ni maji ya chumvi ya kisima.

"Kuna protini moja," Dakta Wayua akasema, "inayoshikanisha seli za moyo, na hiyo hiyo inashikanisha seli za ngozi. Ikiwa na hitilafu, mikono huwa migumu, na moyo huachana kidogo kidogo. Kila unapoachana huvimba, kila unapovimba huacha kovu, na kovu ndilo linaloupotosha umeme. Hitilafu hiyo hurithiwa. Nusu kwa nusu, kila mtoto."

Nyuma ya kioo, Kitheka alikuwa akimsaidia Muema kuketi. Muema akainua kidole gumba.

"Na wewe," akasema Dakta Wayua kwa sauti ya chini, "itabidi uingie pale pia."

*

Mama yao, Mukai, alikuwa amekuja kutoka kijijini akawa anakaa kwa Kasiva, Mumbuni, tangu Muema augue. Jioni ile Kasiva alimkuta akichagua maharagwe, akaketi kando yake na kumuuliza habari za baba.

"Mwaitu, kabla ya ile siku, aliwahi kuumwa kifua?"

Vidole vya mama vilisimama juu ya ungo. "Mwaka mmoja nyuma yake. Alilala wiki nzima. Walisema ni nimonia, wakamdunga sindano. Akapona."

"Na wengine wa kwao?"

"Kaka yake mkubwa alianguka kanisani akiimba. Na shangazi yenu, yule wa Mitaboni, alikufa usingizini. Watu walisema mengi, mwana wakwa. Mengine hata siwezi kuyarudia." Mama akamtazama. "Kwa nini waniuliza?"

Kasiva alimweleza kwa maneno machache. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchagua maharagwe. Kasiva aliona kwamba sasa alikuwa akiyatupa mazima na kuyaacha mabovu.

Dakta Maundu alimvalisha Muema kifaa cha kurekodi mapigo kwa siku mbili. Kilirudi na mapigo ya ziada maelfu, na mara tatu mbio fupi za mapigo mapana, kumi na mawili mfululizo, zilizojizima zenyewe. Daktari alimkalisha Muema pamoja na Kasiva akamweleza njia zilivyo.

"Kama ungekuwa na uvimbe tu, ningekuambia pumzika miezi mitatu hadi sita, tukupige picha tena, tuone maji yamekauka na weupe umepungua. Lakini una pete ya makovu, umezirai, una mbio hizi, na baba yako tunajua alivyoenda. Kovu halirudi kuwa nyama. Utakunywa dawa, utaacha kazi nzito. Na ushauri wangu, wa Dakta Wayua, na wa bingwa wa umeme wa moyo, ni kwamba uwekewe kifaa cha kushtua moyo, hapa chini ya mfupa wa bega. Moyo ukipotea njia, kinaurudisha."

"Hapana," Muema akasema.

"Muema," Kasiva akamwita.

"Nimesema hapana. Daktari, kwa heshima zako. Dada yangu alinipima mara tatu, akasema niko sawa. Moyo unasukuma. Nyinyi mmeona rangi nyeupe kwenye kompyuta, mnataka kuniweka betri kifuani, nisipande tingatinga tena. Nitapumzika hiyo miezi, halafu nirudi kazini."

Alitoka. Lililomwuma Kasiva ni kwamba Muema alikuwa akijikinga kwa majibu yake yeye.

Siku zilizofuata aliishi kwa masikio. Muema akichelewa kushika simu, alipiga tena na tena. Usiku haukumtisha kama mchana, kwa sababu wote wa kwao isipokuwa shangazi walianguka kweupe, wakifanya kazi, wakiimba. Na hofu nyingine, aliyokuwa hajamwambia mtu, ilikuwa ya binti yake Mbinya, wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akikimbia mbio za mita elfu na mia tano shuleni na kurudi nyumbani na vyeti.

Saa ya chakula cha mchana, siku ya Ijumaa, alifunga mlango wa chumba cha eko, akalala kitandani, akajipaka jeli na kujiwekea kifaa kifuani mwenyewe huku amepinda shingo kuiona skrini. Moyo wake ukatokea. Ulikuwa mzuri. Kuta zilisukuma, valvu zilifunga. Angekuwa mgonjwa wake angemwambia vaa nguo, mama, uende nyumbani. Aliutazama muda mrefu, na kadiri alivyoutazama ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa maana ulifanana kabisa na wa Muema.

Akafuta jeli, akampigia Dakta Wayua.

*

Aliingia kwenye mashine Jumatatu. Hakuwa amefikiria jinsi lile bomba lilivyo jembamba kwa aliye ndani. Dari ilikuwa karibu na pua yake. Kelele zilipoanza alifumba macho. Akajua ni wapi wamefika kwa sauti peke yake: sasa wanatazama mwendo, sasa wanatafuta maji. Dawa ilipoingia mkononi aliihisi baridi ikipanda mpaka kwenye kiwiko. Dakika kumi za kusubiri ndizo zilizomshinda. Alijua kwamba wakati ule, ndani yake, dawa ilikuwa ikitoka mahali pote isipokuwa mahali fulani, ikiwa pana kovu. Alijaribu kuomba, lakini aliishia kurudia jina la binti yake.

Alipotoka, Dakta Wayua hakumwambia aketi kwanza. Alimwonyesha tu.

Moyo mweusi. Na pale chini pembeni, tabaka la nje, mstari mweupe mfupi, mwembamba, kama uzi uliochomoka kwenye shati.

"Hakuna maji," alisema Dakta Wayua. "Hakuna pete. Nguvu ya moyo ni nzuri, chumba cha upande wa kulia ni kizima. Lakini upo."

"Upo," Kasiva akarudia.

"Haumaanishi kitu kimoja na wa Muema. Wewe hujazirai, na tutakurekodi mapigo. Kama yametulia, kwa sasa ni dawa, kutojichosha kupita kiasi, na picha kila baada ya muda. Tunautazama usikue."

Kasiva aliomba picha zote mbili, yake na ya Muema, zichapishwe kwenye karatasi moja. Hakulia. Aliwaza kwamba kama angebaki kuiamini mashine yake tu, angeweza kuishi na uzi ule bila kujua mpaka siku ya kuanguka mbele ya mgonjwa.

Alimkuta Muema amekaa nje ya nyumba yake ya kupanga, buti za kazi zimesafishwa na kuwekwa mlangoni. Alikuwa amezisafisha ili arudi Lukenya kesho yake, bila kuingoja ile miezi.

"Huu ni wako," akamwambia, akiweka kidole kwenye picha ya juu. "Na huu wa chini, unajua ni wa nani?"

Muema aliutazama. "Wa baba?"

"Baba hakupigwa picha. Ni wangu. Wa leo asubuhi."

Muema alichukua ile karatasi kwa mikono miwili. Akaufuata ule uzi mweupe kwa kidole.

"Wewe pia," akasema.

"Mimi pia. Nilijipima eko nikajiona mzima, kama nilivyokuona wewe. Sikukudanganya, Muema. Niliona mwendo, basi. Mashine yangu haioni hiki. Usinitumie mimi kama sababu ya kufa."

"Wewe watakuwekea hiyo betri?"

"Mimi bado. Wangu ni mfupi. Wako umezunguka."

Muema aliinuka, akazichukua zile buti, akaziweka ndani ya nyumba nyuma ya mlango. "Naogopa, Kasiva," akasema akiwa amempa mgongo. "Si kufa. Naogopa kukaa nikingoja kitu kinipige kwa ndani."

"Hata mimi naogopa. Tungoje wawili."

*

Kifaa kiliwekwa wiki mbili baadaye. Dakta Wayua alikuwa amesisitiza picha zote zikamilike kabla, maana chuma na betri vikishakaa kifuani hutia giza kwenye picha za MRI, hata kama kifaa kimeruhusiwa kuingia humo. Damu za Muema na Kasiva zilipelekwa ng'ambo kupimwa vinasaba. Majibu yalichukua wiki tisa, na yalisema kile kile ambacho pete ilikuwa imesema: hitilafu ni moja, wote wawili wanayo.

Ikabaki zamu ya Mbinya. Kasiva alimkataza kukimbia mpaka majibu yake yatoke, na mtoto hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne alikuja jikoni.

"Mama, nikipatikana nayo, nitakufa kama babu?"

"Babu hakuna aliyejua anayo. Wewe tutajua. Tutakuwa tunautazama."

"Na mbio?"

Kasiva alizima jiko, akamgeukia. "Ukiwa nayo, mbio zimeisha."

Majibu yalikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa simu. Mbinya hakuwa nayo. Kasiva alikuwa na mgonjwa kitandani, bibi mmoja kutoka Kangundo, na bibi yule ndiye aliyemshika mkono akampangusa machozi kwa ncha ya leso yake bila kuuliza ni ya nini.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu kifaa kiwekwe, siku ya soko, simu ilipolia tena. Muema alikuwa na kazi nyingine sasa, ya kuandikisha malori getini pale pale machimboni, na siku hiyo alikuwa amepata ruhusa akaenda Tala kutafuta viatu vya mitumba.

"Kasiva." Sauti ilikuwa nyembamba, na nyuma yake kelele za soko. "Kimenipiga. Nilikuwa nimeinama. Nikaona giza, halafu kama punda amenipiga teke kifuani."

"Kimekupiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Unahisi nini sasa? Kifua? Kichwa?"

"Niko sawa. Nimekaa. Miguu ndiyo haitaki kusimama."

"Usisimame. Kikikupiga tena, mwambie aliye karibu akukimbize hospitali iliyo karibu, usiningoje. Nakuja."

Alimpigia Dakta Maundu akiwa tayari njiani. Walikubaliana aletwe moja kwa moja ili kifaa kisomwe. Jioni hiyo mashine ya kukisoma ingetoa mchoro: moyo wa Muema ukienda vizuri, kisha ukivurugika ghafla, mapigo mia mbili na hamsini na zaidi kwa dakika, yasiyo na umbo, yasiyosukuma damu yoyote, sekunde kumi na moja za hivyo, kisha mstari mmoja mrefu uliosimama wima, na baada yake pigo la kawaida, na jingine, na jingine. Daktari angeugusa mchoro kwa kalamu na kusema kwamba pale ndipo angekuwa ameishia.

Lakini hayo Kasiva hakuyajua alipokuwa akipenya kati ya vibanda vya mabeseni na misumari, akiuliza kila mtu viatu viko wapi. Alimkuta ameketi juu ya robota la nguo, kofia mkononi, mwenye kibanda akimpepea kwa kipande cha katoni. Miguuni alikuwa na kiatu kimoja chake na kimoja cha kujaribu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Dada yake ndiye wewe?" mwenye kibanda akauliza. "Alianguka hapa hapa. Nilidhani amekufa. Halafu akashtuka, akaamka mwenyewe."

Kasiva aliketi juu ya robota, akamshika Muema kifundo cha mkono na kutafuta mapigo. Yalikuwepo. Aliyahesabu dakika nzima, akaanza upya, akahesabu tena. Watu walipita wakibishana bei. Alijua itabidi wainuke, gari liko karibu, hospitali inawangoja, lakini kwa muda kidogo hakuweza kumwachilia.

Muema ndiye aliyeanza kusogea: akakivua kile kiatu cha kujaribu, akamrudishia mwenye kibanda.